Kuifanya picha ya ufukwe ionekane kama mchoro wa wino na maji

"Nina picha niliyopiga Kunduchi asubuhi: mikoko iko mbele, ngalawa katikati, na Kisiwa cha Mbudya kwa mbali. Nimejaribu kuigeuza iwe kama michoro ya wino ya Wachina kwa vichujio vya programu ya GIMP, lakini kila mara inatoka picha ya kijivu iliyochafuka tu. Nakosea wapi?"

Ndugu, kichujio hupita juu ya picha nzima kwa nguvu ileile, kwa hiyo wimbi dogo lisilo na maana hupewa uzito sawa na mlingoti wa ngalawa. Mchoraji wa wino hufanya kinyume chake, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kuamua mahali ambapo brashi haitagusa kabisa. Ma Yuan, mchoraji wa enzi ya Song ya Kusini, aliitwa "Ma wa kona moja" kwa sababu alizoea kukusanya mandhari yake upande mmoja, na karatasi aliyoiacha wazi ndiyo iliyosomeka kuwa maji, ukungu au anga. Mimi hufanya kazi hii mara nyingi kwa picha za pwani yetu, na nimeona kwamba picha ikishapunguzwa vizuri, mapigo ya brashi yanayohitajika huwa machache sana.

Anza na namna unavyoondoa rangi, maana hapo ndipo nusu ya kazi inapopatikana au kupotea. Usitumie njia ya kawaida inayochanganya rangi zote. Fungua `Colors > Desaturate > Mono Mixer`, kisha weka nyekundu 0, kijani 0.35 na buluu 0.65. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu, kwa hiyo katika chaneli ya buluu vitu vya mbali hufifia zaidi, na anga ya buluu hukaribia weupe wa karatasi. Majani nayo hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa buluu, hivyo mikoko yako itakuwa myeusi bila kulazimishwa. Utapata mbele pazito na mbali pepesi, mpangilio uleule ambao mchoraji huupata kwa kuongeza maji kwenye wino. Isipokuwa kama picha ilipigwa jua linapochomoza: pwani ya Dar es Salaam inatazama mashariki, na anga ya rangi ya chungwa huwa nzito katika chaneli ya buluu. Kwa picha ya namna hiyo, geuza vipimo ili nyekundu iwe kubwa, au tumia picha nyingine iliyopigwa jua likiwa limepanda kidogo na anga imepauka.

Kabla ya hatua hiyo, badilisha picha iwe ya biti 16 kupitia `Image > Precision`. Tutavuta sana ngazi za kijivu, na picha ya biti 8 ikivutwa hivyo hukatika vipandevipande: utaona mistari kama ya ngazi kwenye anga, na histogramu itaonekana kama meno ya kitana. Punguza pia ukubwa hadi pikseli 3000 kwa upana, ili vipimo nitakavyotaja vikufae bila kubahatisha sana.

Sasa nakili tabaka la kijivu mara tatu juu ya tabaka jeupe, yote matatu uyaweke katika hali ya `Multiply`, na kila moja ulipe `Layer Mask` inayoonyesha eneo lake tu: kisiwa, ngalawa, mikoko. Bahari na anga usiziwekee chochote. Wachoraji wa China husema wino mmoja una rangi tano, kutoka mweusi wa makaa hadi ule unaokaribia maji matupu, na kwa picha hii mimi ningetumia nne. Kwa `Colors > Curves`, kwa kipimo ambacho 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, peleka Mbudya karibu na 215, mwili wa ngalawa karibu na 140, na mikoko karibu na 70, kisha uhifadhi weusi wa 20 kwa mapigo ya mwisho. Namba hizi ni wastani wa kila eneo. Ukilifanya eneo zima kuwa la kijivu kimoja, kama inavyofanya `Posterize`, utapata karatasi zilizokatwa kwa mkasi. Wino wenye maji hubadilika ndani ya pigo lilelile.

Mbudya ndiyo itakayoonyesha jambo hili. Katika picha yako, bila shaka kisiwa kinakalia mstari wa bahari uliokatika wazi. Chukua `Gradient` ya nyeusi hadi nyeupe, iweke katika hali ya `Multiply` ili isifute umbo la kisiwa lililopo, na uivute ndani ya `Layer Mask` ya kisiwa, kutoka chini kwenda juu, hadi theluthi ya urefu wake, ili vilele vya miti vibaki na ukingo lakini mguu wa kisiwa uyeyuke. Mstari wa bahari ukitoweka pamoja nao, jicho hujaza ukungu lenyewe, na weupe wa juu na wa chini huungana kuwa nafasi moja. Baada ya hapo tumia `Median Blur` ya kipenyo cha 25 kwa kisiwa, 12 kwa mikoko na 5 kwa ngalawa. Hiyo hufuta majani na chembechembe lakini huacha ukingo ukiwa imara kuliko `Gaussian Blur`, ambayo huifanya picha ionekane imepigwa bila kulenga. Ukingo ukiwa mkali mno, `Filters > Noise > Spread` ya pikseli 3 hutoa kitu kinachokaribia wino unaonywewa na karatasi.

Hapa utakuta ngalawa inaelea hewani, kwa kuwa maji yameondoka. Hiyo ndiyo dalili ya kutambua kwamba weupe umekuwa tundu. Usirudishe bahari, weka mapigo mawili mafupi ya kijivu chepesi chini ya mwili wa chombo, yakiwa mlalo na moja likiwa fupi kuliko lingine, na maji yatarudi yenyewe.

Mapigo meusi ya mwisho yaweke kwenye tabaka lake pekee: mlingoti, ukingo wa juu wa ngalawa, ndubi la upande wa karibu, na mizizi mitatu au minne ya mikoko, si zaidi. Kipanya hakijui mkandamizo wa mkono, kwa hiyo chora njia kwa `Paths`, kisha `Stroke Path` kwa brashi huku `Emulate brush dynamics` ikiwa imewashwa, ili pigo lianze jembamba, linenepe na kuisha kwa ncha. Lizime tabaka hilo uangalie: kama picha haisimami bila mapigo, tatizo liko kwenye ngazi za kijivu, na kuongeza mistari hakutalitibu.

Ukipeleka kuchapishwa Kariakoo, omba karatasi isiyong'aa yenye weupe wa maziwa, na uwaombe wachapishe kipande cha kisiwa kwanza. Mashine nyingi huifuta kabisa kijivu cha 215, au huitengeneza kwa rangi zote hadi ikaelekea kijani. Kikifutika, shusha kisiwa hadi 200, ngalawa na mikoko uziache zilivyo.