Jedwali la maisha: nilihangaika na desimali, kumbe vichanga hawamo daftarini

Mara ya kwanza kutengeneza jedwali la maisha, yaani hesabu ya miaka anayotarajiwa kuishi mtoto anayezaliwa, nilikuwa na daftari la vifo la shehia kadhaa za Pemba, miaka mitano imejumlishwa. Shehia moja peke yake haitoshi: vifo vya mwaka ni vichache, na mwaka mmoja mbaya unaweza kukuvurugia hesabu nzima. Nilishinda wiki nikibishana na nafsi yangu juu ya safu moja, na nilibishana mahali pasipostahili.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kila kundi la umri unazidisha idadi ya watu waliokuwepo katikati ya kipindi kwa miaka ya kipindi hicho, kisha unagawa vifo kwa jibu hilo. Unapata kiwango cha vifo, `M`. Hicho bado si uwezekano wa mtu kufa, kwa sababu waliokufa hawakuishi kipindi chote. Kwa hiyo unakibadilisha kiwe uwezekano, `q`:

```
q = n*M / (1 + (n-a)*M)
d = l*q
L = n*(l-d) + a*d
```

`n` ni upana wa kundi kwa miaka, na `a` ni wastani wa miaka aliyoishi ndani ya kundi hilo mtu aliyefia humo. Unaanza na watoto 100,000 wa kufikirika, `l`. Unatoa `d` waliokufa, wanaobaki ndio wanaoingia kundi linalofuata. `L` ni miaka yote waliyoishi watu hao ndani ya kundi.

Ugomvi wangu ulikuwa `a` ya mwaka wa kwanza. Kwa makundi makubwa unaweka nusu ya `n` na unaendelea. Vichanga si hivyo: wengi wa wanaokufa kabla ya mwaka hufa siku za mwanzo, kwa hiyo nusu ni kubwa mno. Wanademografia Coale na Demeny wana kanuni yake. Kwa watoto wa kike, `M` ikiwa chini ya 0.107, `a` ni 0.053 + 2.8 mara `M`.

Tuchukue namba za mazoezi, nilizozibuni mwenyewe. `M` ya mwaka wa kwanza iwe 0.040. Basi `a` ni 0.165, `q` ni 0.0387, wanafika mwaka mmoja watoto 96,129, na `L` ni 96,768. Nikaendelea hivyo hadi miaka 75, ambapo walibaki 47,979. Kundi la mwisho halina mwisho, kwa hiyo hapo `q` ni 1 na `L` ni `l` kugawa kwa `M`: kwa 0.10, ni miaka 479,790. Nilipojumlisha `L` zote nikapata 6,731,391. Gawa kwa 100,000: umri wa kuishi ni miaka 67.3.

Sasa weka 0.5 badala ya 0.165 kisha rudia. Jibu linapungua kwa siku nane hivi. Wiki yangu nzima kwa siku nane!

Kilichonifungua macho ni bibi mmoja anayeosha maiti za wanawake na watoto. Nilimsomea majina ya watoto waliozikwa mwaka ule, akanikatiza: "Na yule wa siku tatu? Mbona hujamtaja?" Nikamwambia daftarini hayumo. "Hakuwa na jina, mwanangu. Angeandikwaje?" Alizikwa siku ile ile, kabla ya akika, na hakuna aliyekwenda kwa sheha.

Nikarudi kwenye hesabu, nikafanya kana kwamba nusu ya vifo vya vichanga haijaandikwa, yaani `M` inasoma 0.020 badala ya 0.040. Umri wa kuishi ukapanda hadi 68.6. Mwaka mmoja na miezi kadhaa umeongezeka kwa sababu ya watoto wasioandikwa, na jedwali halionyeshi dosari yoyote.

Dalili unaipata ukigawanya vifo vya mwaka wa kwanza kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ndio hubeba sehemu kubwa, mara nyingi karibu nusu. Ukikuta umebeba kidogo, vichanga wamepotea. Angalia pia kama vifo vya "mwaka mmoja" vimelundikana: mtoto wa miezi kumi na moja husemwa ana mwaka, naye anahamia kundi la mwaka 1 hadi 4. Uliza miezi, usiulize mwaka.

Ncha ya pili ni wazee. Wakijiongezea umri, wanajaza kundi la 75 na kuendelea, na `M` yake inashuka. Kwenye mfano wangu, kutoka 0.10 hadi 0.08 peke yake kunaongeza mwaka 1.2. Wengine hawadanganyi, wanahesabu Ramadhani tu: mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo miaka 66 ya Ramadhani ni 64 ya kalenda ya kawaida. Siku hizi simuulizi mzee ana miaka mingapi. Namuuliza Mapinduzi ya 1964 yalimkuta wapi, bado anasoma chuoni au ameshaoa.