Polisi wakija kupekua, anza na hati

"Polisi wakija na hati ya upekuzi, naruhusiwa kuisoma? Nifanye nini?"

Ndugu, omba uisome palepale mlangoni. Tazama kwanza anwani na vitu vinavyotafutwa, maana hivyo ndivyo vinavyoweka mipaka. Kisha kosa linalochunguzwa, tarehe na sahihi ya aliyeitoa. Hati ikitaja televisheni ya wizi tu, kwa kawaida haiwapi sababu ya kufungua bahasha zako. Ikitaja simu au nyaraka, hata droo zitafunguliwa.

Anwani ikiwa si yako, sema wazi kwamba hukubali. Lakini tafadhali usiwazuie kwa nguvu wala kuficha kitu: hilo laweza kuwa kosa jipya, na kasoro ya hati hubishaniwa mahakamani. Mpigie wakili. Usisaini orodha ya vitu vilivyochukuliwa kabla ya kuilinganisha na vitu vyenyewe, kisha dai nakala yake.