Kazi ya kila zamu iombe namba, isiombe tiki

Nilipokuwa msimamizi wa zamu kwenye kituo cha mafuta, kazi za zamu zilijitokeza zenyewe kwenye simu ya kituo saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni: kusoma mita za pampu, kupima tangi kwa kijiti, kuhakiki pampu kwa kopo la lita 20, kuhesabu fedha. Kila kazi ilikuwa na kisanduku cha tiki, basi.

Siku moja mhudumu alikutwa na upungufu. Mita yake ilianza 412,350 ikaishia 413,190, yaani lita 840. Kwa bei ya shilingi 3,000 alitakiwa akabidhi 2,520,000. Taslimu pamoja na malipo ya lipa namba zilifika 2,460,000. Deni la 60,000 likaandikwa kwa jina lake, naye akaapa hajagusa hata shilingi.

Alikuwa mkweli. Mwanzoni mwa zamu alijaza kopo la kuhakikia, kisha akayarudisha mafuta tangini. Mita huhesabu kila lita inayopita, iwe imeingia kwenye gari au kwenye kopo. Lita 20 mara 3,000 ndiyo ile 60,000. Tiki ilikuwepo, lakini lita zilizorudishwa hazikuandikwa popote. Deni tulilifuta, na bado inaniuma kwamba alilala nalo usiku mzima.

Tangu hapo, kazi ya uhakiki humtaka mtu aandike lita zilizorudi tangini, na hesabu ya fedha huzitoa kabla ya kuzidisha kwa bei. Anayehesabu fedha haoneshwi kiasi kinachotarajiwa. Akikiona, atahesabu mpaka kifike.

Niliacha pia kuzifungia kazi hizi kwenye saa. Siku ya mvua anayepokea hufika saa moja kasoro, na pampu inaendelea kuuza. Mita ikisomwa saa kumi na mbili kamili, mauzo ya dakika hizo humwangukia asiyekuwepo. Sasa kazi hufunguka wawili hao wakiwa mbele ya pampu, na wanaandika namba moja: ya kufungia kwa huyu, ya kufungulia kwa yule. Ukiona namba za kufungia zinaishia na sifuri kila siku, huenda wanakisia; nenda kasimame nao pampuni.

Kazi moja tu iliendelea kufuata saa. Hapa Tanzania EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zamu ya usiku huwa katikati. Mita lazima isomwe saa sita usiku, la sivyo zamu nzima itahesabiwa kwa bei moja. Kwanza niliiweka ijitokeze Jumanne ya kwanza, nikakosea: mwezi ukianza Jumatano, kama Oktoba 2025, Jumanne hiyo inakuja siku sita baadaye. Iweke Jumatano yenyewe, 00:00.