Simu inaita, hapokei: jinsi ya kuwapata wahojiwa wa mjini walio bize

Kwenye tafiti za simu ninazosimamia Dar es Salaam, wanaokataa kuhojiwa ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Tunaowakosa zaidi ni wale ambao simu inaita wakiwa katikati ya kazi. Kuwakosa hao kunaharibu matokeo, maana anayepokea simu ya namba ngeni saa nne asubuhi na kukaa nayo dakika kumi na tano mara nyingi hana shughuli saa hiyo. Ukiwajaza hao kwenye utafiti wa kipato, jiji litaonekana lina watu wengi wasio na kazi kuliko ilivyo kweli.

Kwa hiyo kabla hujagusa dodoso, fungua kumbukumbu za simu. Kila simu iliyopigwa iandikwe tarehe, saa na matokeo, na matokeo yatenganishwe: hapatikani, imeita bila kupokelewa, amekata, amesema apigiwe baadaye, amekataa, ameishia njiani, amemaliza. Mdadisi akiandika "hajapatikana" kwa yote hayo, hutajua pa kuanzia.

Tuchukue mfano wa orodha ya namba 400 za wafanyabiashara wadogo. Waliomaliza ni 140, hawapatikani 60, waliokataa 20, simu iliita bila kupokelewa 130, na 50 walisema "nipigie baadaye". Msimamizi akiona asilimia 35 anakimbilia kuandika upya utangulizi, wakati waliokataa ni 20 tu. Waliolala kwenye makundi mawili ya mwisho ni 180, na tatizo lao ni muda. Zipange simu za wale 130 kwa saa zilivyopigwa. Mara nyingi utakuta karibu zote ni kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, muda ambao wadadisi wako ofisini.

Mama lishe muda huo ana foleni ya wateja. Mpigie kuanzia saa tisa alasiri, vyombo vikishaoshwa. Bodaboda anapatikana akiwa kijiweni anasubiri abiria, na swali la kwanza kwake liwe kama yuko barabarani. Akisema ndiyo, kata simu umtafute baadaye, kwa usalama wake. Wa ofisini jaribu jioni au Jumamosi asubuhi, ila akiwa kwenye daladala hatasikia nusu ya maswali. Ijumaa mchana acha, na mwezi wa Ramadhani usimpigie mtu karibu na futari. Sisi tunataka kila namba ijaribiwe angalau mara tano, kwa siku tofauti na nyakati tofauti, ikiwemo jioni moja na siku moja ya wikiendi. Kupiga mara tano asubuhi moja ni usumbufu.

Wale 50 wa "nipigie baadaye" wanapotea kizembe zaidi. Mdadisi anajibu "sawa mama" na kukata. Afadhali aulize hapo hapo: "Nikupigie leo saa kumi na moja, au kesho asubuhi kabla hujafungua biashara?" Saa hiyo iandikwe, na ikifika apige mdadisi yule yule kwa namba ile ile.

Kuna pia hofu ya matapeli. Mtu aliyezoea kupokea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ana haki ya kushuku namba ngeni. Tuma meseji siku moja kabla, yenye jina la taasisi, jina la mdadisi, namba atakayopigia, na namba ya ofisi ya kuhakiki. Eleza wazi kwamba hataombwa pesa wala namba ya siri. Akipokea, salamu iwe fupi, kisha mwambie ukweli kuhusu urefu wa mahojiano. Ukisema dakika tano zikawa ishirini, ataishia njiani, na awamu ijayo hatapokea kabisa.

Jambo ambalo wasimamizi wengi hawaligusi ni malipo. Mdadisi anayelipwa kwa kila dodoso lililokamilika ataiacha namba ngumu na kurukia mpya. Usimpe orodha yote. Mpe fungu la namba 50, na fungu la pili alipate baada ya kila namba ya fungu la kwanza kufikia matokeo ya mwisho au kumaliza majaribio yake. Mlipe kwa siku, umpime kwa ratiba alivyoifuata.

Mwishoni, walinganishe waliopatikana simu ya kwanza na waliopatikana ya nne au ya tano, kwenye swali kama la saa za kazi wiki iliyopita. Wakifanana, una sababu ya kutulia kidogo. Wa mwisho wakionekana wanafanya kazi saa nyingi zaidi, basi ambao hukuwapata kabisa huenda wako mbali zaidi upande huo huo. Hilo liandike kwenye ripoti, kwa sababu kurekebisha uzito wa majibu kwa umri na jinsia peke yake hakutaliondoa.