Skrinishoti iliyokatwa mpaka kosa likafichika: maswali na majibu

Niliwatumia skrinishoti ya kompyuta ya dukani, imeandika "Your connection is not private". Mmenijibu nitume nyingine ya skrini nzima. Kwani maandishi si yanaonekana vizuri tu?

Yanayoonekana ni yale makubwa, na hayo ndiyo yasiyosema kitu. Chrome huandika sentensi hiyohiyo kwa makosa mengi tofauti ya vyeti vya usalama. Kinachoyatofautisha ni mstari mdogo wa kijivu chini yake, unaoanza na `NET::ERR_CERT_`, na mkasi wako umepita juu yake.

Mstari huo ukiishia na `COMMON_NAME_INVALID`, cheti kilicholetwa kimeandikwa jina la tovuti nyingine. Ukiishia na `AUTHORITY_INVALID`, aliyekitoa cheti hatambuliwi na kompyuta yako. Hilo hutokea sana kwenye Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza, au pale antivirus inapochungulia mawasiliano yako. Ukiishia na `DATE_INVALID`, ugomvi ni wa tarehe, na hapo bado kuna washukiwa wawili: mwenye tovuti kaacha cheti chake kiishe muda, au saa ya kompyuta yako imepotea. Wa kwanza huwezi kumrekebisha wewe. Wa pili unamrekebisha kwa dakika mbili.

Sasa angalia ushahidi umekaa wapi. Msimbo wa kosa uko katikati ya ukurasa, anwani ya tovuti iko juu, na saa na tarehe ziko kona ya chini kulia, nje kabisa ya dirisha la Chrome. Picha iliyokatwa kuzunguka sentensi kubwa huvipoteza vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Kabla ya kupiga, bonyeza pia kitufe cha `Advanced`. Hakibadilishi chochote, kinafungua tu maelezo zaidi, na kosa likiwa la tarehe maelezo hayo hutaja mpaka tarehe ambayo kompyuta yako inadhani ni leo. Usibonyeze kiungo cha `Proceed` kinachotokea chini yake, hasa ikiwa ukurasa ni wa benki.

Picha yako ya pili imemaliza kazi. Msimbo ni `DATE_INVALID`, na kule pembeni tarehe inasomeka 1 Januari 2019. Vyeti vya tovuti siku hizi hutolewa kwa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo kompyuta iliyobaki 2019 inaona karibu kila cheti kimetolewa siku ambayo haijafika. Ndiyo maana tovuti nyingi zimegoma kwa pamoja, si moja.

Nenda `Settings`, kisha `Time & language`, kisha `Date & time`. Zima `Set time automatically`, weka tarehe kwa mkono, halafu iwashe tena na ubonyeze `Sync now`. Anza na mkono kwa sababu huduma ya saa ya Windows, kwenye kompyuta isiyo ya mtandao wa ofisi, mara nyingi hukataa kusahihisha tofauti inayozidi saa 15. Ukiangalia pia kama `Time zone` ni ya huku kwetu utajiokolea usumbufu mwingine.

Halafu zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, iache hivyo usiku kucha. Ikiwaka asubuhi imerudi tena 2019, kilichokufa ni ile betri ya duara ndani, CR2032 ya volti 3. Hiyo ndiyo inayotunza saa umeme usipokuwepo. Nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita. Ikisoma chini ya 2.7 usijiulize, badilisha, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu kama ulivyoikuta.

Hapa ofisini tovuti moja tu haifunguki, "This site can't be reached". Niandike nini zaidi ya hapo?

Usiandike, onyesha. Chini kabisa ya ukurasa huo kuna neno refu la herufi kubwa. `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN` maana yake jina hilo halijapatikana, na mara nyingi ukitazama juu kwenye anwani unakuta herufi moja imekosewa. `ERR_CONNECTION_REFUSED` maana yake kompyuta ya upande wa pili imefikiwa lakini imekataa. `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` maana yake imeitwa, haikuitika. Anayepokea picha yako anafanya kazi tofauti kabisa kwa kila moja, kwa hiyo anahitaji neno hilo pamoja na anwani nzima, ikiwemo namba iliyo baada ya nukta mbili kama ipo, mfano `:8080`.

Nabonyeza vitufe gani kupata dirisha zima? Nimezoea kuchora mraba kwa mausi.

Kuchora mraba ndiko kunakoleta haya yote, maana jicho linafuata kinachong'aa na mkono unafuata jicho.

Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na `PrtScn`. Skrini hufifia kidogo, na picha ya skrini nzima inajihifadhi yenyewe kwenye folda ya `Pictures`, ndani ya `Screenshots`. Kwenye baadhi ya laptopu inabidi ushike na `Fn`. `Alt` pamoja na `PrtScn` hupiga dirisha lililo mbele peke yake na kuliweka kwenye ubao wa kunakili, ukabandike mwenyewe kwa `Ctrl` na `V`. Hiyo ni nzuri kwa makosa ya programu, lakini kumbuka saa haimo, na kama kosa limejitokeza kwenye kisanduku chake kidogo, utapata kisanduku bila programu iliyokitoa. Ukiwa na shaka, piga skrini nzima.

Kwenye Mac ni `Command`, `Shift` na `3`. Kwenye simu nyingi za Android ni kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, kwa pamoja. Usikate ule ukanda wa juu wa simu: hapo ndipo inapoonekana kama data imewashwa na kama kuna VPN.

Ujumbe unaotokea na kupotea una dawa yake. Fungua `Snipping Tool`, chagua kuchelewesha sekunde 5 au 10, kisha rudia kile kitendo kinacholeta kosa.

Kwenye Excel natafuta bei kwa VLOOKUP, inaniletea #N/A. Nimetuma picha ya seli hiyo, nikaulizwa maswali kumi.

Picha ya seli yenye `#N/A` inasema tu kwamba kilichotafutwa hakijapatikana. Hilo unalijua tayari. Bofya seli yenye kosa, usiingie ndani yake, kisha piga dirisha zima. Hapo tutaona fomula kwenye upau wa juu, mathalani:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!A:C,3,FALSE)
```

Tutaona pia herufi za safu wima, namba za mistari na majina ya karatasi kule chini. Kwa hayo manne mtu anajua fomula inatafuta nini na wapi. Bidhaa zikiwa safu B badala ya A, kosa linaonekana bila kuuliza.

Lakini kisa cha kawaida zaidi ni namba zilizohifadhiwa kama maandishi, na hapa picha pana inatoboa siri yenyewe. Namba halisi hujipanga upande wa kulia wa seli. Maandishi hujipanga kushoto, na mara nyingi huwa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona. Kwenye A2 namba ya bidhaa 1045 ikiwa imelala kushoto, na kwenye karatasi ya `Bei` ile 1045 imelala kulia, Excel inaona vitu viwili tofauti. Kwa hiyo tuma picha mbili: moja ya seli yenye kosa, nyingine ya karatasi inayotafutwa ukiwa umebofya mstari ambao wewe unaona ungepaswa kupatikana. Hapo unaweza hata kujijibu mwenyewe: chagua safu yenye maandishi, bofya alama ndogo ya onyo, kisha `Convert to Number`.

Mimi nakata makusudi. Skrini yangu ina majina ya wateja na salio. Mnataka nianike kila kitu?

Hapana, lakini funika badala ya kukata. Chora mstatili uliojazwa rangi nyeusi juu ya jina au salio, kisha hifadhi kama faili jipya. Usitumie brashi ya kalamu ya kuangazia, hata ukipaka mara tatu. Rangi yake inapitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha maandishi yanarudi. Ukungu nao hautoshi kwa namba fupi.

Na kukata kwenyewe si salama kama kunavyodhaniwa. Machi 2023 ilibainika kwamba kifaa cha kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel, na kile cha kunasa skrini cha Windows 11, viliacha sehemu ya picha ya zamani ndani ya faili baada ya kukata, na ikawezekana kuirudisha. Tatizo hilo lilipewa jina la aCropalypse. Programu zilirekebishwa, ila picha zilizokwisha kutumwa kabla ya hapo zilibaki vilevile.

Njia safi zaidi ni kupunguza vilivyopo kabla ya kupiga. Nakili anwani, fungua dirisha jipya kwa `Ctrl` na `N`, bandika, acha kosa litokee hapo. Vichupo vyako vingine havitaonekana, na hakuna cha kufunika.

Natuma skrini nzima kwa WhatsApp, fundi anasema haisomeki.

WhatsApp inabana picha, na herufi ndogo ndizo zinazoumia kwanza. Gusa alama ya kiambatisho, chagua hati badala ya picha, kisha chagua faili lenyewe. Litafika bila kupunguzwa. Kama una skrini mbili mezani, picha moja itazibeba zote na kila kitu kitakuwa kidogo, kwa hiyo hapo `Alt` na `PrtScn` inafaa zaidi, na saa uitaje kwa maneno.

Si bora ninakili maandishi ya kosa, niachane na picha?

Nakili, na utume vyote viwili. Kisanduku cha kawaida cha ujumbe cha Windows kikiwa mbele, bonyeza `Ctrl` na `C` japo hakuna kilichochaguliwa. Ukibandika kwenye `Notepad` utapata kichwa, ujumbe na majina ya vitufe. Maandishi hayo yanatafutika mtandaoni, na msimbo kama `0x80070005` haukosewi sifuri. Kwa programu ya Python inayojaza skrini, peleka kila kitu kwenye faili:

```
python hesabu.py > kosa.txt 2>&1
```

Ukibanwa na kupiga picha tu, mstari wa mwisho usikose. Python huandika njia nzima ilikopita kwanza, na kosa lenyewe hulitaja chini kabisa, pale ambapo wengi hukata.