Kusubiri ndani ya boksi la njano

"Mtihani wa nadharia Uingereza: unakata kulia, magari yanakuja mbele, boksi la mistari ya njano. Nimejibu subiri nje ya boksi, wamenikosesha. Kwa nini?"

Kwa sababu unakata kulia. Kanuni ya 174 ya Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, inakukataza kuingia kwenye boksi kama njia ya kutokea haina nafasi, lakini inaruhusu hali moja: unakata kulia, barabara unayoielekea iko wazi, na kinachokuzuia ni magari yanayokuja mbele tu, au wenzako wanaosubiri kukata kulia pia. Hapo unaruhusiwa kuingia na kusubiri ndani. Ukibaki nje kwenye makutano yenye foleni, taa inaweza kugeuka nyekundu mara tatu hujasogea, na wa nyuma wamekwama nawe.

Wapo wanaosema kwamba ukiwa na taa ya kijani unaingia tu; nusu yake ni kweli. Kijani haikusaidii kama barabara ya kulia imejaa. Ukinasa ndani ya boksi faini ni yako. Na boksi likiwa kwenye mzunguko wa barabara, hilo ni swali jingine: kwenye mzunguko wenye taa huingii kwenye boksi mpaka uweze kulivuka lote bila kusimama, hata kama unaelekea kulia.

Kwenye swali tafuta maneno mawili, "kulia" na "njia ya kutokea". Wakiandika kwamba njia ya kutokea imeziba, jibu lako lile lingekuwa sahihi.