Mmeshapanga Kiwango cha Kutuma Kijijini na Bado Mnagombana?

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwamba yeye na mumewe wanagombana kila mshahara unapotoka, na kosa ni lile lile: mume katuma pesa kwao. Vikao wamekaa, wasimamizi wao wa ndoa wamewaita, hadi kiwango wamepangiwa. "Tunapatana, dada, halafu ikifika tarehe 25 tunaanza upya kama vile hatujawahi kuongea." Nilicheka kwanza ndipo nikamjibu, maana alikuwa ananisimulia nyumba yangu mwenyewe, miaka ile tumeoana karibuni hapa Dar.

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Ujumbe wa muamala unaingia kwenye simu yake, mimi nipo jirani, nauliza, "Leo nani tena kapiga mzinga?" Yeye anajibu kwamba ni jasho lake. Mimi namkumbusha kodi. Yeye ananyamaza. Akinyamaza, mimi nazidisha sauti. Nikizidisha, anavaa viatu anakwenda kuangalia mpira. Tunanuniana siku mbili tatu, kisha mtoto anapata homa au gesi inaisha, tunalazimika kuongea, na kwa kuwa tunaongea, kila mmoja anadhani yameisha.

Wasimamizi wetu walitupa dawa waliyoijua: asitume zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza alitii. Uliofuata akatuma nyingine kupitia simu ya rafiki yake, na mimi nikaijua kwa sababu wifi yangu alinipigia kushukuru. (Wifi huyo huyo ndiye aliyesema kwenye msiba, mbele ya watu, kwamba namkaba kaka yao. Nimesamehe, ila sijasahau.)

Kilichonifumbua macho ni hesabu ya hasira zangu mwenyewe. Kuna wakati mama mkwe alilazwa, mume wangu akanipigia toka kazini akaniambia, tukatuma 300,000. Sikuwa na kinyongo hata chembe. Muda si mrefu akatuma 30,000 za mbolea bila kuniambia, nikawaka kuliko siku zote. Sasa niambie: kama tatizo langu lilikuwa pesa, ningewezaje kutulia kwenye laki tatu nikachachamaa kwenye elfu thelathini?

Hapo ndipo ninapowaanzishia wote wanaoniandikia. Usianze kwa kuuliza kwa nini mnagombana. Tafuta ile mara ambayo jambo lile lile lilitokea na hukukasirika, uiweke karibu na mara uliyokasirika sana, kisha uangalie kimebadilika nini. Kwangu kilichobadilika ni kuambiwa kabla. Nilikuwa nataka kuwa mtu anayeshauriwa katika nyumba yake. Na hilo lina mizizi: marehemu baba yangu alisomesha ukoo mzima, na sisi wanawe tukarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mama alikuwa akizijua habari za pesa za baba kutoka kwa majirani. Kwa hiyo kila nilipouona ule muamala, nilikuwa namwona mama.

Kiwango cha wasimamizi kilijibu swali la "kiasi gani". Mimi nilikuwa na swali la "mimi ni nani hapa". Ndiyo maana kilivunjika, na ndiyo maana hata kingeshikwa ningepata kingine cha kugombania.

Upande wa mume wangu nao ulikuwa na jambo lake, na sikulijua mpaka nilipoacha kubishana nikaanza kuuliza. Huyu John Gottman, mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyewachunguza wanandoa miaka mingi pale Chuo Kikuu cha Washington, alikuta kwamba asilimia 69 ya mambo wanayogombania wanandoa hayaishi kabisa; aliwarudia baada ya miaka minne akawakuta kwenye ubishi ule ule. Hao ni Wamarekani, na sidhani kama walikuwa na wifi kama wangu, lakini utaratibu wake nimeujaribu na unafanya kazi. Mmoja anakuwa msemaji, mwingine muulizaji. Muulizaji haruhusiwi kujitetea, kukosoa wala kutoa suluhisho. Anauliza tu mpaka mwenzake amalize, ndipo wanabadilishana.

Swali lililofungua mlango kwetu lilikuwa hili: "Usipotuma, unaona nini kitatokea?" Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Watasema nimepotea." Nikamuuliza kupotea vipi. Ndipo akaeleza kwamba dada yake aliishia darasa la saba ili pesa iliyokuwepo imtoshe yeye kwenda sekondari. Nimeishi naye miaka yote hiyo sikuwahi kusikia hilo. Kumbe kila niliposema "ndugu zako wanakunyonya", yeye alisikia kwamba dada yake hastahili. Na mimi nikashangaa kwa nini anavaa viatu!

Jamani, wanawake wenzangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kimyakimya: mazungumzo haya hayafanyiki tarehe 25. Yafanyeni katikati ya mwezi, pesa ikiwa imeshapangwa na hakuna muamala unaosubiri. Na mkiona moyo unakimbia, acheni. Gottman anasema mapigo yakizidi 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Sharti ni kwamba anayetoka aseme atarudi saa ngapi, na dakika hizo asizitumie kupanga majibu. Kwenda kuangalia mpira bila kuaga si kupumzika, ni kukimbia.

Baada ya hapo tuligawa mambo mawili: lile ambalo mtu hawezi kulegeza, na lile analoweza. Mimi siwezi kulegeza kuambiwa kabla. Yeye hawezi kulegeza kutoulizwa kama ndugu zake wanastahili. Kiasi na tarehe, vyote viwili, tulikuta vinalegea kirahisi, na ndivyo tulivyokuwa tunavigombania. Siku hizi pesa ya mama mkwe inakaa kwenye bajeti pamoja na kodi na ada, na ninayeituma ni mimi, kwa simu yangu. Mama ananipigia mimi. Wifi ameona.

Ila nisiwadanganye. Kama mwenzako anakupiga, au unaogopa kumuuliza kwa sababu ya kitakachofuata, achana na kutafuta mahitaji yake; nenda kwa watu wanaoweza kukulinda. Na kama amekopa kwa siri kwa kutumia hati ya nyumba yenu, hapo kuna deni, na deni linataka karatasi mezani kwanza kabla ya maswali ya utotoni.

Na ubishi haujaisha kwetu. Mwezi huu shemeji yangu anaomba mtaji wa bodaboda. Mume wangu aliniambia kabla hajamjibu, na mimi nikasema sawa, ila aandike kwamba atarudisha kila wiki. Yeye anasema ndugu haandikishwi. Tumeliacha mpaka Jumapili, na zamu ya kuuliza ni yangu.